Barua ya Kubadilisha Jina la Duka: Mteja Anataka Kujua Hela Yake Iko Wapi

Leo nataka tuongee kitu ambacho naona wengi wetu tunakipita juu juu. Maduka mawili madogo yanaungana, yanapata jina jipya, halafu wateja wanaandikiwa: "Tunayo furaha kuwatangazia kwamba sasa tunaitwa fulani. Karibuni sana." Inawekwa nembo mpya na maua mawili matatu, basi. Baada ya hapo mwenye duka anashangaa kwa nini oda zimepungua.

Maoni yangu ni haya. Barua ya jina jipya ukiiandika kama tangazo, umeandika kitu kingine. Mteja wa mtandaoni hajawahi kuliona duka lako. Anachokijua ni namba ya simu, picha ya wasifu na jina linalotokea kwenye simu yake akituma hela. Siku unayomwambia jina limebadilika, umemgusa palepale anapokutambulia. Na meseji ya "tumebadilisha jina, sasa lipia huku" ndiyo hiyohiyo matapeli wanayotuma kila siku. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya barua yako ni kumhakikishia kwamba hela aliyokwishatoa ipo, na atakayotoa kesho itafika kwako. Jina lenyewe linakuja baadaye.

Nitatumia mfano wa kwangu. Mimi nauza vyombo vya jikoni, mwenzangu alikuwa anauza mashuka na mapazia. Tuliamua kuungana, fremu moja, mzigo mmoja, jina moja. Majina ya maduka nitakayoandika hapa ni ya kupanga tu, maana sikuja kujitangaza kwenye ukurasa wa watu. Tuseme mimi nilikuwa Jiko Letu, yeye Shuka Zetu, na sasa tunaitwa Nyumba Yetu.

Kabla hatujaandika hata neno moja, tulikaa na madaftari mawili. Wengi wetu tunauza kwa kudunduliza, yaani mteja analipa kidogo kidogo mpaka bei itimie ndipo anachukua mzigo. Mama anayemwandalia binti yake kicheni pati anaanza kulipia sufuria miezi minne kabla. Huyo akisikia duka limebadilika jina, moyo unamruka. Mimi nilikuwa na wateja 23 wa namna hiyo, jumla wamelipa 1,870,000. Mwenzangu alikuwa nao 14, jumla 960,000. Tukaunganisha kwenye daftari moja: jina la mteja, namba yake, bidhaa, bei tuliyokubaliana, alicholipa, kilichobaki. Watu 37, shilingi 2,830,000 ambazo ni hela za watu, tunazishika tu.

Hilo daftari ndilo linalokuambia kama uko tayari kuandika barua. Kama nyie wawili hamjakubaliana nani anabeba deni la nani, msiandike. Mwenzangu akisema "hao wa kwako utamalizana nao mwenyewe", basi hamjaungana, mmegawana fremu. Sisi tulikubaliana kwamba kuanzia siku ya barua madeni yote ni ya duka jipya. Mama aliyelipa kwangu 145,000 kati ya 210,000 za seti ya sufuria na hotpoti, akimkuta mwenzangu peke yake dukani, anamalizia 65,000 zake na kuondoka na mzigo bila kuambiwa nisubiriwe mimi. Na bei inabaki ileile aliyoanza nayo, hata kama Kariakoo imepanda. Makubaliano haya tuliyaandika kwenye karatasi tukasaini wote wawili. Barua kwa wateja haiwezi kuahidi kitu ambacho wenye duka hawajaahidiana.

Jambo la pili tulilolimaliza kabla ya barua ni sheria za kubadilisha bidhaa. Mimi nilikuwa natoa siku 7 za kubadilisha, mwenzangu siku 3. Unaona ni kitu kidogo, ila mteja aliyenunua shuka juzi na mteja aliyenunua sufuria jana wakiuliza, mtawajibu nini? Tukachagua 7 kwa wote. Mkiungana, mteja wa zamani apewe ile sheria iliyo nzuri kwake. Ukimpa iliyo mbaya, atahesabu kwamba jina jipya limemnyang'anya kitu.

Na jina lenyewe tulilitafuta kwanza kwenye mfumo wa BRELA kuona kama kuna mtu ameshalisajili. Ukiwaandikia wateja 500 halafu ukagundua jina lina mwenyewe, utaandika barua ya pili ndani ya mwezi mmoja, na hiyo ya pili hakuna atakayeiamini.

Sasa tuje kwenye hela, maana hapa ndipo barua nyingi zinapofia. Mteja akilipa kwa Lipa Namba, simu inamwonyesha jina kabla hajaweka namba ya siri. Hilo jina ndilo mlinzi wake. Tatizo ni kwamba siku unayobadilisha jina kwenye Instagram na WhatsApp, jina la kwenye Lipa Namba halibadiliki lenyewe. Inabidi uende na nyaraka zako, usubiri. Kwa hiyo kuna kipindi ambacho mteja anaongea na Nyumba Yetu, lakini akitaka kulipa simu inamwambia JIKO LETU. Kwa mteja wangu wa zamani hiyo ni sawa, analijua. Kwa mteja wa mashuka hilo ni jina la mtu baki kabisa, maana yeye alizoea kutuma kwenye namba ya mwenzangu na kuona jina la mwenzangu.

Wauzaji wengi wanasema wasubiri mpaka kila kitu kiwe tayari ndipo watangaze. Mimi naona hapana, maana watu wanakuja dukani na kukuta kibao kimebadilika. Tangaza, ila andika wazi jina litakalotokea kwenye simu leo. Likibadilika, unatuma meseji fupi nyingine siku hiyohiyo, na jina la zamani unalitaja tena.

Hii hapa barua tuliyotuma kwa wateja wa mashuka, kutoka kwenye namba ya mwenzangu. Namba za simu nimezitoa.

"Dada Amina, habari. Ni mimi wa Shuka Zetu, naandika kwa namba yangu ileile. 90,000 uliyolipia mapazia ipo salama, na bado unadaiwa 40,000 kama tulivyokubaliana.

Kuanzia Jumatatu mimi na mwenzangu wa Jiko Letu, anayeuza vyombo, tumeunganisha maduka. Jina la duka sasa ni Nyumba Yetu. Mimi bado nipo, mashuka na mapazia bado nashughulika nayo mimi. Tupo fremu ya vyombo, milango mitatu kutoka pale tulipokuwa.

Ukilipa kuanzia Jumatatu, tumia Lipa Namba ya duka. Kwa sasa simu itakuonyesha jina JIKO LETU. Likitokea jina lingine lolote, usiweke namba ya siri, nipigie kwanza. Nipigie kwa namba uliyoihifadhi wewe mwenyewe, usipige namba utakayotumiwa na mtu.

Shuka au pazia ukitaka kubadilisha, sasa una siku 7 badala ya 3. Kama mabadiliko haya hayakupendezi, sema tu, nitakurudishia 90,000 yako yote."

Basi, imeishia hapo. Angalia nilichoacha. Sikuandika kwa nini tumechagua jina hilo, wala ndoto zetu, wala "ukurasa mpya". Hayo utayaweka kwenye posti ya Instagram kwa wanaopenda kusoma. Kwenye barua ya mteja anayekudai, kila mstari unajibu swali alilonalo kichwani.

Nieleze kidogo kwa nini imepangwa hivyo. Mstari wa kwanza una jina la zamani na namba ya zamani, kwa sababu WhatsApp ikiona meseji ndefu inaikata na kuweka sehemu ya kubonyeza ili usome zaidi. Wengi hawabonyezi. Kwa hiyo kitu cha muhimu kikae juu: mimi ni yuleyule, hela yako ipo. Ukianza na jina jipya, mtu ataona jina asilolijua na kupita.

Kiasi cha hela kimeandikwa kwa tarakimu, cha huyo mteja peke yake. Hii ni kazi, najua, meseji 37 moja moja. Lakini fikiria: tapeli anaweza kujua jina la duka lako, anaweza kuiba picha zako zote, ila hajui kwamba dada Amina amelipa 90,000 na amebakiza 40,000. Hiyo hesabu ndogo ndiyo saini yako. Mteja akiiona anajua anayeandika ana daftari. (Amina ni jina la kupanga pia.)

Ule mstari wa kupiga namba aliyoihifadhi mwenyewe naomba usiuache. Namba iliyo ndani ya meseji mtu yeyote anaweza kuiweka yake. Namba ambayo mteja aliihifadhi mwaka jana siku alipopokea mzigo wake, hiyo tapeli hawezi kuifikia. Unamfundisha mteja njia ya kukuhakiki bila kukuamini kwanza.

Na ahadi ya kurudisha hela? Mwenzangu aliiogopa. Alisema wote wakija siku moja tutafungia wapi. Hofu yake ilikuwa ya kweli, 2,830,000 haikuwepo yote mkononi, nyingine imeshageuka mzigo. Tukakubaliana kutenga 600,000 pembeni, na barua tukazituma kwa siku tano, watu saba au wanane kwa siku, tukianza na waliolipa kiasi kikubwa. Waliotaka hela walikuwa wawili, jumla 115,000, na walirudishiwa jioni ileile. Kama huna hata cha kutenga, basi usiandike ahadi hiyo, andika unachoweza kutimiza: kwa mfano, mteja achukue bidhaa nyingine ya thamani aliyokwishalipa.

Wale wateja wengine ambao hawana hela kwako, walionunua wakamaliza, hao wanatosha kupata barua fupi ya jumla. Hapa kuna jambo la kujua kuhusu orodha ya matangazo ya WhatsApp. Orodha moja inachukua watu 256 mwisho, na meseji inamfikia tu yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Asiyekuhifadhi haipati, na wewe huambiwi. Kwa hiyo usijidanganye kwamba umetuma kwa wote. Tuma orodha, weka statasi kwa siku kadhaa mfululizo, na mteja akikuandikia mwenyewe kwa ajili ya kitu kingine, mjibu huku ukimtajia: "Nyumba Yetu hapa, zamani Shuka Zetu." Sisi hayo maneno "zamani Shuka Zetu" tumeamua yakae kwenye wasifu na kwenye risiti kwa mwaka mzima.

Kitu kingine ambacho nasimama nacho: kama mnabadilisha jina, msibadilishe namba. Angalia kampuni kubwa za simu zilivyofanya hapa kwetu. Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel 2010, na aliyekuwa na namba ya 0784 aliendelea nayo. Mwaka 2024 Tigo ikawa Yas, na Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas, ila mtu hakuamka na namba mpya wala kukuta salio limepotea. Mabango yalibadilika rangi, simu ya mtu ikabaki ileile. Wenye hela za kutangaza nchi nzima hawakumgusa mteja kwenye namba yake, sisi wenye bando la wiki tutathubutu vipi?

Kuna duka moja la jumla nililokuwa nachukua mzigo, silitaji. Waliungana na wenzao wakabadilisha vyote kwa siku moja: jina, namba ya simu, namba ya malipo na sehemu walipo. Nilipata meseji kutoka namba nisiyoijua ikisema nilipie kwa jina nisilolijua. Nilipiga ile ya zamani, haipatikani. Wiki mbili nilinunua kwingine. Baadaye nikakutana na kijana wao sokoni ndipo nikajua ni wao kweli. Hawakuniibia hata senti, lakini mimi mteja wa kila wiki nilishapata pengine pa kuchukulia mzigo, na mpaka leo nachukua huko.

Kwa hiyo laini zote mbili za zamani ziweke hai, hata kama moja inakaa kwenye kisimu cha kitochi ndani ya droo. Laini ikiachwa muda mrefu bila kutumika inafungwa na baadaye inaweza kupewa mtu mwingine. Fikiria mteja wako anamtumia hela mtu asiyemjua kwa sababu namba bado ameihifadhi kwa jina la duka lako. Tumia hiyo laini mara kwa mara, piga simu, weka vocha kidogo. Vilevile kwa Instagram: akaunti mbili haziunganiki kuwa moja. Moja mnaibadilisha jina, ya pili mnaiacha wazi ikielekeza kwa mpya. Mkilitupa jina la zamani, mtu mwingine anaweza kulichukua, na picha zenu anazo tayari.

Utajuaje kama barua imefanya kazi? Usihesabu waliobonyeza moyo. Hesabu maswali. Sisi wiki ya kwanza tuliandika kila swali kwenye daftari. Lililoulizwa zaidi halikuwa la hela, kwa sababu la hela tulishalijibu. Liliulizwa hivi: "Dada wa mashuka bado yupo?" Ndiyo maana kwenye barua zilizofuata tukaupandisha juu mstari wa "mimi bado nipo". Watu walizoea sauti yake, anavyowatumia picha za shuka zimetandikwa, anavyowaambia ukweli kwamba kitambaa hiki kinachuja rangi. Jina la duka walikuwa hata hawalikumbuki vizuri. Kwenye simu zao wamemwandika "Dada Mashuka".

Dalili mbaya ziko tatu. Ya kwanza, mteja wa siku nyingi anakuuliza "wewe nani?" baada ya barua, maana yake jina la zamani halikukaa juu. Ya pili, hela zinaendelea kuingia kwenye namba binafsi ya mwenzako wiki ya tatu, maana yake sehemu ya malipo haikueleweka, au mtu ameelewa ila haamini. Mpigie, usimtumie meseji nyingine. Ya tatu ndiyo mbaya zaidi: ukimya wa mtu mwenye hela kwako. Anayedunduliza kila Ijumaa akipitisha Ijumaa mbili bila kutuma chochote na bila kuuliza, anakuogopa. Huyo sauti yako inamtosha. Sisi tulikuwa na wanne wa hivyo, tuliwapigia, watatu wakaendelea kulipa wiki ileile. Wa nne alikuwa ameishiwa tu.

Barua ina mipaka yake pia, tusidanganyane. Haiwezi kurekebisha muungano ambao wenye duka wenyewe hawaelewani. Haisajili jina, hilo ni la BRELA, na habari ya kodi ya duka la watu wawili kaulize TRA kabla, usisubiri wakuulize wao. Na haimzuii mteja kuondoka kama alikuwa anampenda mwenzako tu na mwenzako ameamua kupumzika. Inachofanya ni kumpa mtu anayekudai uhakika wa kulala usingizi.

Kama wewe na mwenzako mnafikiria kuungana mwezi huu, anzeni usiku huu na lile daftari. Andikeni majina ya wote wenye hela kwenu, kiasi hadi shilingi ya mwisho, mjumlishe. Mkishindwa kuipata hiyo jumla, jina jipya lisubiri.